Maji yalikuwa safi, barafu ndiyo iliyonuka: nilivyoisafisha mashine

Barafu ilikuwa inang'aa, lakini ikiyeyuka kwenye glasi iliacha harufu ya kitambaa kilicholala kimeloa. Maji yaliyoingia kwenye mashine hayakuwa na harufu yoyote. Nikapitisha karatasi nyeupe ya tishu chini ya ukingo wa juu wa sanduku la barafu, pale ambapo huoni mpaka uiname. Ikatoka na ute wa rangi ya waridi wenye vidoa vyeusi.

Ute huo ni vijidudu na ukungu vilivyojijengea makazi. Wengi hulaumu maji, ilhali mara nyingi mlango hufunguliwa na chujio la mkaa. Mkaa unanyonya klorini, ndiyo maana maji yakipita hapo yanakuwa na ladha nzuri. Lakini klorini ndiyo iliyokuwa ikiyalinda maji hayo bombani. Kuanzia kwenye chujio kwenda mbele hakuna ulinzi, na ndani ya mashine kuna giza na unyevu muda wote. Kuganda hakuwaui vijidudu hao. Wengi wanangoja barafu iyeyuke kwenye kinywaji. Chujio sikulitoa, kwa sababu linazuia uchafu. Nililibadilisha, kwani lilishapita miezi 6, kisha nikageukia mashine.

Nilizima kwanza utengenezaji wa barafu, nikatupa barafu yote iliyokuwemo, hata iliyoonekana nzuri. Kazi yenyewe ina hatua mbili zisizobadilishana nafasi: kuondoa chokaa, halafu kuua vijidudu. Chokaa ni ile gamba nyeupe inayokwaruza ukiigusa. Ina vishimo vidogo ambamo ute hujificha, kwa hiyo ukianza na dawa ya kuua vijidudu utaua walio juu tu. Nilitia dawa ya asidi iliyotengenezwa kwa mashine za barafu, kwa kipimo cha kwenye chupa, nikawasha mzunguko wa kuosha. Kisha nikasuuza mpaka maji yakatoka bila povu wala harufu. Kusuuza huku kusifanywe juu juu: asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu.

Baada ya hapo nilichomoa umeme, nikatoa vipande vinavyotoka: kile cha plastiki kinachoning'inia mbele ya sahani ya kugandishia, na mrija wenye matundu unaomwaga maji juu yake. Ndani ya mrija huo ndimo ute ulikuwa mzito kuliko kote. Ukipulizia dawa bila kuusugua, dawa inaishia kwenye tabaka la juu. Nilitumia brashi laini na maji ya sabuni, tundu kwa tundu, nikasuuza.

Ndipo ikaja klorini. Dawa isiyo na manukato, ya asilimia 5, nilitia mililita 40 kwenye lita 10 za maji baridi. Hiyo ni takriban miligramu 200 za klorini kwa lita. Kama chupa imekaa wazi muda mrefu nguvu yake hushuka, hivyo ninapima kwa karatasi ya kupimia klorini. Nililowesha vipande, kuta, dari ya sanduku na mipira ya mlango, nikaacha dakika 5, nikafuata maelekezo ya mashine kuhusu kusuuza. Mizunguko ya mwanzo ya barafu niliitupa.

Mashine ikiwa imelala hivyo, barafu ya vinywaji nagandisha kwenye trei. Maji yenye tope nayaacha yatuame, nayachuja kwa kitambaa safi, kisha nayachemsha. Mapovu yakishapanda kwa nguvu kutoka chini nahesabu dakika 1 nzima, au 3 mahali palipo juu ya mita 2,000. Yanapoa kwenye sufuria ileile iliyofunikwa. Kuchota kwa kikombe hapa kunaharibu kazi yote.

Na kuchota huko huko ndiko kunakoharibu mashine iliyokwisha safishwa. Kichoteo kikiachwa ndani ya sanduku huzama, na anayekitafuta huingiza mkono mzima kwenye barafu. Changu kinakaa nje, kwenye chombo kikavu chenye matundu chini ili maji yasituame, mpini ukielekea juu. Kinaoshwa kila zamu pamoja na chombo chake, maana kichoteo safi kwenye chombo chenye ute ni bure.

Glasi haiingii kwenye sanduku kabisa. Ikivunjika hapo au karibu, kipande cha kioo hakionekani katikati ya barafu, wala hakichaguliki. Tunafunga mlango, tunayeyusha barafu yote kwa maji ya moto, tunaokota vipande, tunafuta pembe kwa tishu iliyoloa, tunaosha upya, ndipo mashine inaanza kugandisha tena.