Kibwagizo Nilichokikataa: Shairi Nililomwandikia Rafiki Yangu Mgonjwa

Rafiki yangu wa Umoja, hapa Nairobi, figo zake zimeshindwa kazi, na mara mbili kwa wiki hulala kando ya mashine kwa muda wa saa nne ili damu yake isafishwe. Nilipotaka kumwandikia shairi la kumpa pole, mzee mmoja tunayesali naye alinipa kibwagizo kilichokwisha tengenezwa: "Usijali utapona, wiki ijayo nyumbani." Mizani ilikuwa sawa, nane kwa nane, lakini nilikikataa, na hadi leo ushauri ule unaniudhi. Kibwagizo hurudi mwishoni mwa kila ubeti. Kwa hiyo katika beti tano ningemdanganya mtu mara tano, naye anajua kuliko sisi sote kwamba mashine hufanya kazi ya figo bila kuziponya.

Niliamua kwamba mshororo unaorudiwa ubebe ahadi ambayo mimi mwenyewe naweza kuitimiza. Wauguzi huniruhusu kukaa naye kidogo, basi ahadi ikawa ni kukaa. Nilianza na kibwagizo, kisha nikapanda juu nikitafuta vina vya "bu" na "ti":

Maji kwako ni hesabu, wapimiwa kwa wakati,
Sindano mbili ni tabu, mashine ina sauti,
Sina dawa ya ajabu, ninacho ni hiki kiti,
Ugua pole sahibu, Jumatano nitaketi.

Mshororo wa kwanza ndio ninaojivunia zaidi. Wagonjwa wa aina yake huwekewa kiwango cha maji ya kunywa kwa siku, na kiu hiyo humsumbua kuliko sindano, lakini wageni huzungumzia sindano tu kwa sababu ndizo wanazoziona. Kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake kulimwonyesha kwamba nilikuwa nikimsikiliza.

Huruma ya kudhalilisha, kwa maoni yangu, hujificha hasa katika namna ya kumwita mtu. Niliandika "sahibu" pale ambapo wengi wangeandika "maskini" au "mgonjwa wetu", na katika beti mbili zilizofuata nikaacha kabisa habari za hospitali, nikamsimulia mabishano ya kinyozi wetu kuhusu Gor Mahia na AFC Leopards, kwa kuwa bado ni mtu wa mtaa mwenye msimamo wake.

Nililiandika kwa herufi kubwa upande mmoja wa karatasi, maana mkono wenye sindano hautakiwi kusogezwa, na asingeweza kufunua kurasa. Alilisoma, akaniuliza kama kweli ningekuja Jumatano. Nilikwenda. Baadaye zamu yake ilipohamishiwa Jumanne, alikata neno moja kwa kalamu akaandika jingine, na kwa kuwa siku zote mbili zina mizani nne, kibwagizo hakikuharibika.