Halua robo kilo

Kanga nimeirudisha rafuni. Ilikuwa doti nzuri, nyekundu yenye mawaa meupe, na muuzaji pale Darajani alikwishaikunjua yote ili nione pindo na mji wake. Nikalisoma jina. Hayakuwa matusi wala kijembe, yalikuwa maneno ya mapenzi, na hayo ndiyo yaliyonitisha. Kanga humsemea aliyeitoa, na atakayeivaa ataivaa nyumbani, mbele ya mama yake, mbele ya shangazi na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Wote hao wanajua kusoma. Huyu ninayemtafutia zawadi ni mtu niliyejuana naye baada ya Idi, mazungumzo yetu mengi ni ya wasapu na chai ya saa ya mapumziko, maana skuli anayofundisha iko karibu na kazini kwangu. Nikimpa kanga ile, nyumbani kwao ataulizwa maswali ambayo hata mimi sijajiuliza.

Muuzaji aliniona nasita, akanitolea nyingine yenye jina la dua. Hiyo ingekuwa nafuu, lakini doti ni doti. Ni vipande viwili vya kupigwa pindo na kuwekwa kabatini miaka, na ndiyo hiyo inayokwenda kwa wingi kwenye sanduku la bibi harusi. Nikamshukuru, nikatoka.

Marashi na udi sikuvifikiria kwa muda mrefu. Harufu hukaa mwilini na kwenye nguo, na mtu akinukia kitu kipya watu wa nyumbani huuliza. Kikuba cha asumini ndiyo usiseme, kile ni cha mke na mumewe.

Sikupata hofu hii kwa kuota. Kuna mwenzangu mmoja alimnunulia msichana simu kabla hata hawajajuana vizuri, simu ya bei, ya kamera tatu. Msichana alifurahi, nani asingefurahi? Lakini tangu siku ile ikawa lazima apokee kila akipigiwa. Akichelewa kujibu anaambiwa, "Sasa simu niliyokupa ni ya nini?" Walipoachana, mazungumzo ya mwisho yalikuwa juu ya simu, irudishwe au isirudishwe, na shemeji wa mtu akaingizwa kati. Mimi najiuliza tangu hapo: kitu hiki, mambo yasipoendelea, kitamkaa vipi mtu? Chakula hakimkai. Hakuna aliyewahi kudaiwa halua aliyokwisha kuila.

Tena kwetu safari inampa mtu udhuru mzuri. Anayetoka Pemba harudi Unguja mikono mitupu, na zawadi ya safari haitafutiwi maana. Nilikuwa nakwenda Wete kumtazama mama, nikaona nisubiri.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenisindikiza kununua. Nilipomtaja mtu mmoja zaidi ya wale wa kawaida, akanitazama.

"Wa nani huyo?"

"Mtu kazini."

"Basi mnunulie kama mtu kazini, mdogo wangu."

Alimaanisha kipimo. Halua ni kitu kidogo, lakini inajulikana inakokaa. Ndoa ikishafungwa, watu hupitishiwa halua na kahawa chungu, na ndiyo maana ukimpelekea msichana kilo mbili ndani ya kikapu kipya cha ukili, umefunika na kitambaa, nyumba nzima itadhani mshenga yuko njiani. Robo kilo haisemi hivyo. Ni kipande kwa kila mtu baada ya chakula cha usiku, asubuhi boksi tupu. Nikanunua robo nne zinazolingana: ya ofisini, ya mwenye nyumba wangu, ya rafiki yangu mmoja, na hiyo yake. Fedha ni kidogo kiasi kwamba hatafikiria kunilipa, na mimi sitakaa naikumbuka.

Sikutaka hata hivyo iwe imechukuliwa tu juu ya meza. Aliwahi kusema, katika mzaha wa chai, kwamba korosho ndani ya halua ni kama kokoto kwenye mchele. Nikamuomba muuzaji ile ya ufuta mtupu. Alikuwa nayo kwenye sinia la pembeni. Alipoikata kwa kisu ilivutika kidogo kabla ya kuachia, ikabaki inang'aa pale ilipokatwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Halua iliyokaa sana sukari yake hurudi kuwa chengachenga, unaisikia kwenye meno, na iliyotiwa samli bila kipimo huacha dimbwi la mafuta chini ya boksi. Nilionja, nikaridhika. Bei ilikuwa ile ile ya wengine, tofauti ni kwamba ya kwake haina korosho.

Lililobaki lilikuwa chombo, na hapo ndipo nusura mama aharibu kwa wema wake. Alitoa kabatini bakuli la udongo lenye kifuniko, lenye maua ya buluu, akasema halua ya mgeni haipelekwi kwenye plastiki. Dada akaliondoa mikononi mwake taratibu.

"Mama, bakuli hili litarudi na nini?"

Mama akacheka, kwa sababu jibu analo. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari hupita kila jioni kati ya nyumba na nyumba, leo yao tambi, kesho yetu mkate wa kumimina, na hakuna anayehesabu kwa sababu watu wameishi pamoja miaka. Lakini bakuli langu likiingia kwao sasa hivi, mama yake atauliza la nani, kisha itabidi wapike kitu kinacholingana na bakuli, kisha yeye abebe kunirudishia mbele ya walimu wenzake. Robo kilo ya halua ingemletea kazi ya siku nzima. Tukaiacha kwenye boksi lake jepesi la kutupwa, nikalifunga kwa karatasi ili lisifunguke botini.

Nilimpa mchana, nje ya lango la skuli, watu wakipita. Usiku au kupitia kwa mtoto wa jirani ingekuwa jambo jingine kabisa.

"Nimetoka Pemba. Hii haina korosho."

"Ahsante, jamani, mbona umejisumbua?"

"Sikujisumbua, hata ofisini wamekula."

Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo ya mwisho tangu bandarini Mkoani, na nadhani ndiyo yaliyofanya mabega yake yashuke. "Mbona umejisumbua" ni adabu tu, kila mtu husema. Nilichokuwa nakitazamia ni siku zinazofuata. Mtu aliyelemewa huuliza bei kwa kuzungukazunguka, au kesho yake anakuletea kitu cha thamani ile ile ili muwe sawasawa, au chai ya mapumziko inaanza kukosa nafasi.

Hakuuliza wala hakuleta. Chai tumekunywa kama kawaida na habari ilikuwa mitihani ya wanafunzi wake. Jana usiku ndipo akaandika: "Mama anasema iliki imezidi. Lakini kipande cha mwisho kala yeye."

Nimemjibu kwamba malalamiko ya iliki nitayafikisha Wete nikienda tena. Dada naye kashapiga simu kuulizia. Nimemwambia mtu kazini anashukuru.