Viatu vilitoka sana, pochi ndiyo ilinilipa

Nilipoanza kuuza mtandaoni hapa Dar, mzee mmoja wa duka la jumla Kariakoo aliniambia, "Mwanangu, uza mara mbili ya bei uliyonunulia, huwezi kukosa faida." Kwa mwenye duka la kaunta huenda ni sawa. Mimi ushauri ule ulinila miezi mitano.

Viatu vya kike nilinunua 22,000, nikauza 45,000. Faida ghafi 23,000, zaidi ya nusu ya bei. Jukwaa linakata kamisheni ya asilimia 15, yaani 6,750. Kufikisha mzigo pamoja na mfuko wake ni kama 5,500. Mteja akibaki na viatu, mkononi nabaki na 10,750. Hapo bado nilikuwa nafurahi.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu kwa malipo ya kila wiki. Kiatu cha wiki hii kinarudishwa wiki ijayo, na makato yake yanaangukia malipo ya wakati huo, kwa hiyo kila wiki niliona mauzo mazuri na "makato mengine" nisiyoelewa yametoka wapi. Ndipo nikachukua daftari la kaunta, kila namba ya oda mstari wake, na mstari siufungi mpaka siku za kurudisha ziishe.

Daftari likasema hivi: katika oda kumi, tatu zinarudi. Kamisheni narudishiwa, lakini nalipia kwenda na kurudi, 10,500 kila moja. Na moja kati ya hizo tatu inarudi soli imekwaruzwa, haiuziki tena, 22,000 imekwenda. Saba zilizobaki zinaleta 75,250. Toa 31,500 za usafiri, toa 22,000, inabaki 21,750. Gawanya kwa saba, maana ndizo zilizouzwa kweli: kama 3,100 kwa jozi, asilimia 7 tu.

Pochi ndogo niliyoidharau nainunua 14,000 na kuiuza 25,000. Kamisheni 3,750, usafiri 3,000, inabaki 4,250. Katika kumi inarudi moja, nayo inarudi nzima. Oda kumi zinaniachia 32,250, kwa mtaji mdogo zaidi.

Nilijaribu kupandisha viatu hadi 52,000. Oda zikapungua, marejesho yakabaki vilevile, kwa sababu tatizo lilikuwa saizi: 39 ya mzigo ule ilikuwa ndogo. Nikang'oa soli ya ndani, nikailaza juu ya futi ya fundi cherehani, nikapiga picha sentimita zinasomeka. Anayeagiza namwomba akanyage karatasi, achore mguu, apime kisigino hadi kidole kirefu, ndipo nimchagulie saizi.

Bei nimeirudisha 45,000. Sasa katika kumi inarudi moja, na mara nyingi haijavaliwa. Tisa zinaleta 96,750, natoa 10,500, nabaki na 86,250. Kila jozi inaniachia zaidi ya 9,500, na mzigo ni uleule.