Kurasa 11 za ukaguzi wa wodi zilivyoingia kwenye jedwali moja

Tulikagua kinga ya maambukizi kwenye wodi mbili na mwenzangu, siku mbili, tukarudi na kurasa 11 za daftari. Mambo kama "usafi wa mikono wa wastani", "sefti boksi imejaa sana", "taka zimechanganywa" yamejaa humo. Kamati ilitaka jedwali la ukurasa mmoja, sehemu tatu: mikono, vitu vyenye ncha kali na taka.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilitengeneza safu ya NDIYO na HAPANA basi, na kila kitu ambacho daftari halikusema nikaacha wazi, halafu nikijumlisha yale matupu yanaonekana kama hayana tatizo. Kumbe mengine hatukuyaona kabisa, mfano uchomaji wa taka, tulifika saa ambayo hakuna anayechoma. Ikabidi niweke majibu manne: NDIYO, HAPANA, HAIHUSIKI na HATUKUONA, na asilimia ikahesabiwa kwa mawili ya kwanza tu:

```
=COUNTIF(C2:C25,"NDIYO")/(COUNTIF(C2:C25,"NDIYO")+COUNTIF(C2:C25,"HAPANA"))
```

Na kitu nesi alichotuambia tu hakikuingia kama tulichokiona. "Huwa tunabadilisha boksi mapema", sawa sista, lakini mimi nimeona boksi limefika juu, hiyo ndiyo inaandikwa.

Sehemu ya mikono ndiyo ilinitesa. Sinki, sabuni na sanitaiza kando ya kitanda unaweza kuweka ndiyo au hapana, lakini kitendo chenyewe cha kunawa hakikubali, lazima kihesabiwe: mara ngapi ilitakiwa, mara ngapi ilifanyika. Nikachukua zile nyakati tano za Shirika la Afya Duniani, nikapitia daftari mstari kwa mstari na kalamu ya rangi. Kabla ya kumgusa mgonjwa 4 kati ya 14, kabla ya kazi safi kama kuweka drip 3 kati ya 5, baada ya kugusa damu au majimaji 6 kati ya 6, baada ya kumgusa mgonjwa 9 kati ya 11, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka 2 kati ya 6. Ukijumlisha unapata 24 kati ya 42, asilimia 57, na ndio hapo lile neno "wastani" lilipotoka. Lakini angalia ilivyo: watu wananawa wakishajiona wamechafuka, kabla ya kumgusa mgonjwa ni wachache. Jumla peke yake ingeficha hilo kabisa.

Halafu mwenzangu akaniuliza, "Huyu aliyetoka kitanda cha 3 akaenda moja kwa moja cha 4, umemhesabu mara ngapi?" Mara mbili. Ni baada ya huyu na kabla ya yule, ila kunawa ni mara moja, kwa hiyo nafasi ni moja. Walikuwa 6 wa hivyo na 4 kati yao walinawa, ndio jumla sahihi ikawa 20 kati ya 36, asilimia 56. Mistari ya nyakati nikaiacha ilivyo, nikaandika chini kwamba haijumlishiki kufikia 36, maana mtu atajaribu tu. Na yule aliyehama mgonjwa hadi mgonjwa na glavu zilezile anahesabiwa hajanawa, glavu si kunawa.

Sindano na taka zilikuwa rahisi zaidi, shida ni maneno ya jumla. "Imejaa sana" nikarudi kwenye picha: imepita robo tatu, sindano mbili zinachungulia mdomoni. Sindano iliyokutwa kwenye mfuko wa taka za maambukizi nikabishana nayo, iko sehemu gani? Nikaiweka kwa ncha kali maana kosa lilianzia kwa aliyeitupa, na kwenye taka nikaandika tu angalia mstari ule, isihesabike mara mbili.

Ikatoka hivi, mistari michache:

| Sehemu | Kinachoangaliwa | Jibu | Tulichoona |
|---|---|---|---|
| Mikono | Kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa | 4/14 | Wawili walihama na glavu zilezile |
| Ncha kali | Boksi halijapita robo tatu | HAPANA | Trei ya dresingi, sindano 2 zinachungulia |
| Ncha kali | Hakuna sindano nje ya boksi | HAPANA | 1 kwenye mfuko wa taka za maambukizi, wodi ya 2 |
| Taka | Mfuko wa rangi sahihi kila pipa | NDIYO | Mapipa 7 yote |
| Taka | Uchomaji | HATUKUONA | Turudi asubuhi |

Safu ya mwisho sista inchaji ndiye aliyeitumia. Alisoma "trei ya dresingi", akainuka akaenda kuitazama, akarudi na boksi mkononi.