Nne nukta nne

Binti yangu amechaguliwa katibu wa kikundi chao. Juzi usiku alikuja na daftari akaniuliza, "Mama, namba za dondoo kwenye muhtasari nianze na moja kila kikao, au niendelee pale nilipoishia?" Nilikuwa nakunja nguo. Niliiweka chini ile niliyoshika, na kabla sijamjibu nikawa nimesharudi kwenye kile chumba, kikao cha saba, mwenyekiti akiwa amevua miwani.

Mimi ni katibu wa kamati, na wakati ule kamati yetu ilikuwa na mkandarasi wa kazi ya paa. Kikao cha tano, dondoo ya nne. Nilikuwa nimeigawa aya nne, na kila aya ina namba yake: 4.1 taarifa ya mkandarasi, 4.2 mjadala, 4.3 azimio kwamba kazi iendelee hadi ikamilike, 4.4 azimio kwamba malipo ya awamu ya pili yasitishwe hadi ukaguzi ufanyike. Maazimio mawili niliyatenganisha makusudi. Azimio likichanganywa na jingine ndani ya aya moja, atakayelitaja baadaye atalazimika kuandika "sehemu ya mwisho ya aya fulani," na hapo ubishi umeshaanza.

Siku ya tatu nikasambaza rasimu. Mhazini hakungoja ithibitishwe, wala simlaumu, kwa sababu kikao cha sita kilikuwa mbali na mkandarasi alikuwa anadai. Akamwandikia: kwa mujibu wa aya 4.4 ya muhtasari wa kikao cha tano, malipo ya awamu ya pili yamesitishwa.

Wiki iliyofuata mjumbe mmoja akaniandikia kwamba pingamizi lake halionekani. Alisema kweli. Alipinga kazi kuendelea, akatoa sababu, nami sikuliandika. Aliomba lisomeke pale pale aliposemea, baada ya mjadala na kabla ya azimio. Nikafungua faili, nikaweka kishale mwisho wa 4.2, nikabonyeza, nikaandika sentensi zake tatu. Kompyuta ikaipa aya ile namba 4.3, na zilizokuwa chini yake zikasogea zenyewe. Kazi iendelee ikawa 4.4. Malipo yasitishwe ikawa 4.5.

Kikao cha sita tulipitia muhtasari ukurasa kwa ukurasa. Wajumbe walisoma maneno, na maneno yalikuwa sahihi. Namba hakuna aliyezitazama. Ukathibitishwa, ukasainiwa. Mkandarasi akaomba nakala ya aya iliyotajwa kwenye barua ya mhazini. Mimi mwenyewe nilimchapia 4.4 kutoka muhtasari uliosainiwa, nikagonga muhuri, nikatuma. Jibu lake lilikuwa fupi: aya mliyoitaja inasema kazi iendelee, haisemi lolote kuhusu malipo, basi nilipeni.

Kikao cha saba, kwenye yatokanayo, mwenyekiti alisoma barua ile kwa sauti, akaiweka mezani. "Nne nukta nne isomwe."

Wakaanza kusoma watu wawili kwa pamoja. Mhazini upande huu, kutoka rasimu aliyokuwa ameitunza na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu: "Kamati iliazimia malipo ya awamu ya pili..." Mjumbe wa upande wa pili, kutoka nakala iliyosainiwa: "Kamati iliazimia kazi ya paa iendelee..." Walikwenda hivyo maneno sita au saba, kila mmoja akidhani mwenzake amekosea mstari, kisha wote wawili wakanyamaza. Nakumbuka sauti ya karatasi. Wajumbe walianza kufunua nakala zao, na kila aliyefika kwenye aya hiyo aliinua macho kumtazama jirani yake. Meza ilikuwa imegawanyika: waliokuja na rasimu ya zamani na waliokuja na nakala mpya. Kila mmoja alikuwa na 4.4 mkononi, na kila mmoja alikuwa anasoma sawasawa.

Mwenyekiti alivua miwani. Hakupandisha sauti. "Katibu, ipi ni yetu?"

Nikajibu kwamba yetu ni ile iliyosainiwa. Mhazini akageuza ukurasa wa mwisho wa nakala hiyo hiyo, kwenye orodha ya utekelezaji, akanionyesha kwa kidole. Pale palikuwa pameandikwa "Mhazini atekeleze 4.4." Namba ile niliiandika kwa mkono wangu siku ya rasimu, kwa hiyo haikusogea na zile zinazojiendesha. Muhtasari uliosainiwa ulikuwa unampa mhazini kazi ya kutekeleza aya isiyomhusu. Nilihisi joto likinipanda shingoni, nikashindwa hata kuomba radhi vizuri.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tuliandika barua nyingine, safari hii tukinukuu azimio lenyewe neno kwa neno pamoja na namba na tarehe ya kikao, ili namba ikipotoka maneno yabaki. Mkandarasi akakubali kungoja ukaguzi. Marekebisho ya orodha ya utekelezaji tuliyaandika kama aya ya kikao cha saba, bila kugusa muhtasari wa tano uliokwisha kusainiwa.

Tangu hapo, rasimu ikishatoka mikononi mwangu, namba zake hazisogei tena. Naziondoa zile za kujiendesha na kuziandika herufi kwa herufi, nikitanguliza namba ya kikao: 5/4.4. Aya ikilazimika kuingia katikati, inaitwa 5/4.2A. Dondoo ikiahirishwa, namba yake inabaki na neno "imeahirishwa" mbele yake, nayo haipewi jambo jingine.

Haya yote nilimweleza binti yangu. Akasikiliza, kisha akarudia swali lake, maana nilikuwa sijalijibu. Kuendeleza namba kikao hadi kikao kuna raha yake: dondoo ya 143 ni moja tu duniani, huhitaji kutaja kikao. Lakini ukichelewa kukamilisha muhtasari mmoja, wa pili hujui uanzie namba gani, na namba za ajenda mliyokuwa nayo mezani hazilingani na za muhtasari. Kuanza upya kila kikao ni rahisi kwa mwandishi, ila siku mtu akisahau kuandika namba ya kikao kwenye barua, kila kikao kitakuwa na dondoo yake ya nne. Nilimwambia mimi huanza upya na kutanguliza namba ya kikao. Sikumwambia kwamba ndiyo njia bora, kwa sababu sina hakika.

Akaniuliza jambo jingine: yule mjumbe, kwa herufi A, pingamizi lake si litaonekana kama limechomekwa?

Hilo limenikaa mpaka leo. Aliomba asomeke kama walivyosomeka wengine, na alikuwa na haki hiyo, kwa sababu kosa la kumwacha lilikuwa langu. Ningempa namba kamili, barua ya mhazini ingepotoka. Ningempa A, atakayefungua jalada miaka ijayo angeona kwamba huyu aliingizwa baadaye, na angeweza kudhani alisema baadaye.

Binti yangu alifikiri kidogo, akafungua ukurasa mpya, akaandika 1/1.1. Kisha akaacha mistari miwili mitupu chini yake, akaandika 1/1.2.

"Mistari hiyo ya nini?" nikamuuliza.

"Ya atakayesema nimemsahau."