Nyumba ya dada kwenye udongo wa mbuga: nilivyopima kabla ya kuchimba msingi

Kiwanja cha dada yangu kiko ukingoni mwa mbuga, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Alikipata kwa bei ndogo, maana kila mkazi wa pale anajua udongo ule unavyozitesa nyumba. Nyumba mbili za jirani zina nyufa zinazoanzia pembe za madirisha na kupanda kimshazari hadi kwenye linta. Kiangazi nyufa hufunguka, mvua zikikolea hujifunga. Fundi aliyekuja kutoa bei alipendekeza msingi uleule waliotumia majirani, ila kwa nondo nene zaidi. Mimi hufanya kazi ya maabara ya udongo kwenye miradi ya barabara, nikamwomba dada asitoe hela kwanza.

"Mdogo wangu, si udongo tu huo?" akaniuliza. "Kule kilimani nako ni mfinyanzi, mbona nyumba zao hazipasuki?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko mapendekezo ya fundi. Nikachukua sampuli mbili, zote kwenye kina cha mita moja, chini ya mizizi: moja ya udongo mweusi wa kiwanjani, nyingine ya udongo mwekundu wa kule kilimani anakokusema. Kipimo cha ukubwa wa chembe kilinipa asilimia 47 ya mfinyanzi kwenye ule mweusi na asilimia 50 kwenye ule mwekundu. Kwa hiyo mwekundu ulikuwa na mfinyanzi mwingi zaidi kidogo, na bado nyumba zake zimetulia. Kiasi cha mfinyanzi hakikuwa jibu. Ilibidi nijue ni mfinyanzi wa madini gani.

Kuna kipimo cha bei rahisi kinachofichua jambo hilo. Unakausha udongo, unauponda na kuuchekecha kwa chekeche la maikromita 425, kisha unaweka gramu 10 kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, na gramu 10 nyingine kwenye silinda ya mafuta ya taa. Unatikisa viputo vitoke, unaacha siku nzima, halafu unasoma udongo umefika wapi. Mafuta ya taa hayawezi kuuvimbisha udongo, kwa hiyo hayo ndiyo msingi wa kulinganishia. Udongo mweusi ulisimama kwenye mililita 11 katika mafuta na 21 katika maji, yaani umevimba kwa asilimia 91. Mwekundu ulisimama kwenye 12 katika mafuta na 11 katika maji. Asiyezoea anadhani amesoma vibaya, lakini udongo wenye kaolinaiti nyingi, madini ya mfinyanzi usiovimba, mara nyingi hufanya hivyo: ndani ya mafuta chembe zake hunatana ovyo na kuacha nafasi, ndani ya maji hutulia na kukaa karibu zaidi.

Sababu iko kwenye umbo la madini yenyewe. Kaolinaiti ya udongo mwekundu na montmorilonaiti, madini yanayouvimbisha ule mweusi, zimejengwa kwa tabaka za aina mbili tu. Moja ni la silika, ambamo kila silikoni imezungukwa na oksijeni nne. La pili ni la alumina, ambamo kila alumini imezungukwa na oksijeni na haidroksili sita. Kaolinaiti ni tabaka moja la silika lililoungana na moja la alumina, na bamba lake lina unene wa nanomita 0.7 hivi. Uso mmoja wa bamba umejaa haidroksili, uso wa pili umejaa oksijeni. Mabamba yakipangana, haidrojeni za bamba moja hushika oksijeni za bamba la jirani, na mshiko huo unarudiwa kila mahali yanapogusana. Mabamba mengi hufungana hivyo kuwa chembe moja nene, na maji hayapati pa kupenya katikati yake.

Kwenye montmorilonaiti tabaka la alumina limebanwa katikati ya mawili ya silika. Hapo nyuso zote mbili za bamba ni oksijeni, na mshiko ule wa haidrojeni haupo. Tena, ndani ya tabaka la katikati, baadhi ya nafasi za alumini zimechukuliwa na magnesi. Alumini ina chaji chanya tatu, magnesi ina mbili, kwa hiyo bamba zima linabaki na upungufu, yaani chaji hasi. Upungufu huo unafidiwa na ioni za sodiamu au kalisi zinazokaa kati ya bamba na bamba. Ioni hizo zinapenda maji. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kuzifuata, na mabamba yanaachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Zikiwa za kalisi, mabamba huachana kidogo tu na kukoma. Zikiwa za sodiamu yanaweza kutengana kabisa. Kiangazi maji yanatoka, mabamba yanarudiana, na mbuga inapasuka nyufa zinazomeza mguu wa ng'ombe.

Niseme kidogo kuhusu rangi, maana watu wengi huitumia kama kipimo. Kaolinaiti safi ni nyeupe, kama ile ya Pugu karibu na Dar es Salaam, na montmorilonaiti safi nayo ni ya rangi hafifu. Wekundu ni wa chuma, weusi unatokana na mboji iliyoshikana na mfinyanzi. Kwa hiyo weusi ni sababu ya kushuku tu, kipimo ndicho kinachothibitisha. Kinachosaidia zaidi ni kuangalia udongo umekaa wapi kwenye mteremko. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alieleza jinsi udongo wetu unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi mbugani, akauita mpangilio huo katena. Juu maji yanapita na kusomba magnesi, kalisi na sehemu ya silika, inabaki kaolinaiti. Bondeni vyote hivyo vinakusanyika na maji hayana pa kwenda, na montmorilonaiti inapata malighafi yake.

Nilipima pia unyumbufu. Hapa tunatafuta viwango viwili vya maji: kile ambacho udongo unaanza kutiririka, na kile ambacho kijiti ulichokiviringisha kwa kiganja kinaanza kukatika kikiwa na unene wa milimita 3. Tofauti yake ndiyo nafasi ambayo udongo unafinyangika. Mweusi ulinipa 78 na 29, tofauti 49. Mwekundu ulinipa 44 na 25, tofauti 19. Ukigawa tofauti hiyo kwa asilimia ya mfinyanzi unapata 1.0 kwa mweusi na 0.4 kwa mwekundu, na 0.4 ndipo kaolinaiti inapokaa. Gramu moja ya kaolinaiti ina uso wa mita za mraba 10 hadi 20. Ya montmorilonaiti, ukihesabu na nyuso za ndani, inakaribia 800. Uso wote huo unashika maji, na ndiyo maana udongo mweusi unakunywa maji mengi kabla haujalegea.

Nguvu nayo inafuata mkondo huohuo, ingawa hapa ndipo mafundi hudanganyika. Bonge kavu la udongo wa mbuga ni gumu hata sururu inadunda, na fundi wetu alilitumia kama ushahidi. Ugumu ule ni wa mvuto wa maji machache yaliyobaki kwenye vinafasi vidogo mno kati ya chembe, yakizibana pamoja. Lowesha, mvuto unakwisha, na vipande vyembamba vilivyofunikwa na maji vinateleza juu ya vingine. Chembe nene za kaolinaiti hugusana ncha kwa uso na kusuguana, kwa hiyo udongo mwekundu uliolowa hupoteza nguvu, lakini si kwa kiasi kile.

Halafu nikapiga hesabu ya uzito. Ukuta wa nyumba ya chini, pamoja na paa la bati, unakandamiza msingi kwa kilonyutoni 25 hivi kwa kila mita. Ukiugawa kwa upana wa msingi wa mita 0.6 unapata kilopaskali 42. Udongo wa aina hii ukizuiwa kuvimba unaweza kusukuma kwa zaidi ya kilopaskali 100. Nyumba ni nyepesi mno, itainuliwa. Nondo nene haibadilishi hesabu hiyo.

Dada alikuwa amesikia habari za chokaa, nikaijaribu. Unachanganya gramu 25 za udongo na mililita 100 za maji kwa asilimia mbalimbali za chokaa iliyozimwa, na baada ya saa moja unatafuta kiasi kidogo kabisa kinachofikisha pH 12.4. Kwetu kilikuwa asilimia 5. Kalisi inafukuza sodiamu, chembe zinashikana mafungu, na kwa pH hiyo silika na alumina zinaanza kuyeyuka na kuunda gundi kama ya saruji. Tofauti ya unyumbufu ilishuka kutoka 49 hadi 19. Lakini maabara nilitumia unga. Kiwanjani una jembe na mabonge, na chokaa haiingii ndani ya bonge. Bila mashine ya kusagia, unapata ganda lililotibiwa na kiini kilichobaki vilevile. Tuliitumia kwenye njia ya gari tu, ambako tabaka lilikuwa jembamba na tuliweza kuponda.

Chini ya nyumba tuliondoa udongo mweusi kwa kina cha mita 1.2, na kupanua shimo mita moja nje ya kuta kila upande. Tulijaza udongo mwekundu uleule wa kilimani, tabaka za sentimita 15, ukiwa na unyevu wa kushikana kiganjani bila kuchafua mkono, tukishindilia kila tabaka. Fundi alitaka mchanga kwa kuwa ni rahisi kuushindilia. Nilikataa: mchanga ndani ya shimo la mfinyanzi unakusanya maji na kuyaweka chini ya nyumba mwaka mzima, wakati kaolinaiti iliyoshindiliwa haiyapitishi kirahisi. Kitu kingine nilichosimamia ni kasi. Sakafu ya shimo ikiachwa kwenye jua inapasuka, na unyevu ulioupoteza utarudi baadaye na kuinua kila kitu. Tulichimba kwa vipande, tukimwagilia sakafu na kufunika kila kipande kabla ya kufungua kingine.

Juu yake ulikuja msingi wa zege wenye nondo, mkanda mmoja chini ya ukuta na mwingine kwenye linta, ili nyumba ikisogea isogee kama kipande kimoja. Kuzunguka nyumba tulimwaga zege la upana wa mita 1.5 lenye mteremko wa kwenda nje, bila kuliunganisha na ukuta. Mwanya tuliujaza lami. Shimo la maji machafu lilipelekwa mwisho wa kiwanja, na mwarobaini uliokuwa karibu na jiko ulikatwa, kwa sababu mizizi yake hunyonya maji upande mmoja na kufanya udongo ushuke upande huo.

Kuta hazina ufa mpaka sasa, na mvua za misimu miwili zimepita. Zege la nje limeinuka kama unene wa kidole upande wa jirani anayemwagilia mboga, na hushuka tena kiangazi. Kila Novemba dada anajaza lami upya kwenye mwanya huo, na mfereji wa bati unaomwaga maji upande ule tumeuongezea bomba linalofika barabarani.