Vajinismasi: misuli yangu ilihitaji kujifunza kuachia

Kila tulipojaribu tendo la ndoa, mlango wa uke ulijifunga wenyewe. Hamu ipo, ute upo, lakini hakiingii kitu. Rafiki zangu walinishauri nivumilie tu. Ushauri mbaya sana huo, kwani kila maumivu yanaufundisha mwili kuwahi kubana safari nyingine.

Daktari wa wanawake aliniangalia kwa nje tu, akagusagusa mlangoni kwa kijiti cha pamba kuona kama kuna kidonda, maambukizi au ngozi inayoungua kwa kuguswa, maana hayo yana tiba yake. Hakuyaona. Akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia misuli ya nyonga.

Huyu dada alinikataza mazoezi ya kukaza uke yanayosifiwa kila mahali. Misuli yangu kukaza ilijua, kuachia ndiko ilikokuwa haikujua. Nilijifunza mbele ya kioo kidogo: nikibana, msamba unapanda; nikivuta pumzi mpaka tumbo la chini lijae na kuachia kama anayetaka kukojoa, unashuka. Hapo ndipo nilipojua kulegea kukoje.

Baada ya kuzoea kuingiza kidole changu, zikaja dileta, vijiti laini vyenye unene unaoongezeka. Nalala chali, magoti yameegemea mito, napaka kilainishi cha maji kwa wingi (cha silikoni huweza kuharibu dileta za silikoni). Ncha naielekeza upande wa mgongo, nasukuma kidogo kama wa haja kubwa, na misuli inapofunguka nateleza nayo. Ikibana, natulia palepale. Silazimishi, wala sichomoi kwa pupa, maana kukimbia nako kunauambia mwili kwamba kweli palikuwa na hatari. Napumua mpaka ilegee. Dakika 10 hadi 15 zinatosha.

Saizi ya tatu ilinigomea. Ncha inapita, kisha panabana na kuchoma. Dawa ikawa kuanza na ya pili, ikae hadi nisahau kama ipo, ndipo niingize ya tatu nusu tu na kuiacha hivyo bila kuisogeza. Hisia ya kuvutwa niliikubali. Maumivu makali, au yanayobaki hata baada ya kutoa, yalimaanisha nimeharakisha, nami nilirudi saizi ya chini.

Muda wote huo mimi na mume wangu tulikubaliana kutojaribu kuingiliana kabisa. Mabusu na kupapasana ruksa. Hilo peke yake liliniondolea hofu ya kitanda. Zamu yake ilipofika, nilikuwa juu, mimi ndiye niliyeongoza kwa mkono, na mwanzo tulitulia tu bila kusogea, kama kwenye dileta. Palipobana, nilisema "subiri", naye akasubiri.

Vipimo vya kizazi bado vinanikaza. Naomba spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, iwe ndogo kabisa, na ruhusa ya kuiingiza mwenyewe, na kabla sijapanda kitandani namwambia daktari kwamba nikisema basi, ni basi.